Mafiga ya Chumba cha Mwisho

Nyumba tuliyopanga Lushoto, wakati mimi na mume wangu hatujamaliza hata mwaka wa ndoa, ilikuwa ndefu, ya vyumba sita vilivyofuatana, na baraza moja mbele lililotuunganisha wote. Kuta zilikuwa za miti na udongo, zimepakwa chokaa. Bati la juu lilikuwa limeliwa na kutu mpaka asubuhi ya jua ungeweza kuona vitobo vyake vikimulika sakafuni kama punje za mchele. Mvua ikinyesha tulijua kila mtu mahali pa kuweka sufuria. Mume wangu, aliyekuwa fundi cherehani, alikuwa na turubai lake la kufunika cherehani kabla hajafikiria kunifunika mimi, na nilimtania kwa hilo mpaka uzeeni mwetu.

Namshukuru Mungu kwa nyumba ile. Nimeishi katika nyumba bora zaidi tangu hapo, lakini ndani ya ile nilijifunza mambo ambayo baba yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani, alikuwa amenifundisha kwa maneno tu.

Mwenye nyumba alikuwa mzee wa pwani, mtu wa Tanga, aliyepanda milimani zamani kufuata biashara ya matunda na viazi akabaki. Alikuwa mrefu, mkavu, na alivaa kanzu iliyopigwa pasi hata siku ya kwenda kupima viazi sokoni. Watoto wake walikuwa Tanga, watu wazima, na hawakupenda baridi ya kwetu. Kodi aliikusanya mwenyewe, akipita mlango kwa mlango, na kila mlango aliuliza hali za watu kwanza, kwa urefu, hadi mpangaji mwenyewe achoke na kumkabidhi fedha ili aondoke.

Chumba cha mwisho, upande wa mteremko, alikaa mwanamke mzee aliyefiwa na mumewe. Sisi vijana tulimwita Bibi. Alitoka Mgwashi, alikuwa akiuza sokoni maharage na majani ya chai ya kukausha mwenyewe, na Kiswahili chake kilikuwa kifupi, cha kununulia na kuuzia, ila Kishambaa chake kilikuwa kirefu na kitamu. Hakuwa na mtoto aliyebaki hai. Shamba la mumewe lilichukuliwa na ndugu wa mume, kama ilivyokuwa desturi, na yeye akashuka mjini na kapu moja na mafiga matatu.

Mafiga hayo nataka msomaji ayaone vizuri. Yalikuwa mawe matatu meusi, yamezama kidogo katika sakafu ya udongo katikati ya chumba, na juu yake chungu. Sisi wengine tulipika uani. Yeye alipikia ndani, na moshi ulipanda ukatafuta njia yake penye kutu za bati. Wakati wa kipupwe, ukungu unapoingia Lushoto na kukaa siku nzima, chumba chake ndicho kilichokuwa na joto. Aliniambia mara moja kwamba kwao mtu anayehama kabisa hung'oa mafiga yake akaondoka nayo, na anayekwenda kutembea tu huyaacha mahali pake, ili nyumba ijue.

"Ijue nini, Bibi?"

"Ijue kwamba nitarudi. Wewe ulipokwenda kwenu kusalimia, hukuacha kitu?"

"Niliacha mume."

"Basi ndiyo hivyo," akasema. "Wangu wa mawe."

Masika yalikuwa yamekwisha mwenye nyumba alipotuita wote barazani, Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Alikuwa na barua iliyopigwa taipu na mwandishi wa barua karibu na soko, na aliisoma akiwa amesimama, kwa sauti ya kutoa hotuba. Nyumba itafanyiwa matengenezo makubwa. Bati litabadilishwa, kuta zitajengwa upya kwa mawe mpaka kiunoni, sakafu zitamwagwa saruji, vyumba vitawekewa dari la mbao, na jiko moja la pamoja litajengwa uani. Kwa hiyo wapangaji wote waondoke mwisho wa mwezi. Wakati wa kazi watakaa katika ghala lake la viazi, nyuma ya soko, bila kulipa kodi hata senti, na mizigo yao itabebwa kwa gharama yake. Kazi ikiisha, kodi mpya itakuwa ya zamani na nusu yake.

Kinyozi wa chumba cha pili, mtu mwenye maneno, akasema, "Mzee, ghalani tutakaa sisi, na viazi vitakwenda wapi?"

"Viazi vimeuzwa."

"Basi vina bahati, vimepata wa kuvichukua."

Wakacheka, na mwenye nyumba naye akacheka, maana hakuwa mtu mbaya. Lakini mimi nilikuwa namtazama Bibi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa baraza, mikono magotini, na hakucheka. Alimuuliza jirani kwa Kishambaa barua imesema nini juu ya kurudi. Jirani akasema haijasema. Ndipo na mimi nikagundua. Barua ilisema kutoka, ikasema ghala, ikasema kodi mpya. Haikusema kwamba waliotoka ndio watakaorudi, wala kila mtu chumbani mwake.

Mume wangu aliuliza, kwa adabu. Mwenye nyumba alishangaa kabisa.

"Mtarudi ninyi. Nani mwingine? Neno langu halitoshi?"

Hapo nikasema, na sijui ujasiri niliupata wapi, maana nilikuwa mdogo kuliko wote pale. "Baba, neno lako linatosha. Lakini tumefundishwa kwamba watu wakiahidiana waandikiane na waweke mashahidi. Baba yangu alisema anayekataa kuandika kwa sababu anaaminiwa amesahau kwamba atakufa. Wewe ukifa kesho, Mungu aepushe, wanao wa Tanga watajua neno lako?"

"Unaniua mapema, mwanangu," akasema. Lakini aliikunja barua taratibu, akaitazama tena. "Haya. Tutakwenda boma."

Tulikwenda Jumatatu, sisi wapangaji na yeye, kwa miguu, kama watu wanaokwenda arusini. Karani wa boma aliyeshughulika na mambo ya nyumba alikuwa kijana wa Bumbuli, aliyesomeshwa na wamisheni, mwenye tai na kikohozi. Alisoma ile barua mara mbili. Kisha akatueleza mambo ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa anayajua, hata mwenye nyumba.

Alisema serikali ilikuwa na sheria ya kuzuia kodi za nyumba zisipandishwe ovyo. Mwenye nyumba hawezi kuongeza nusu kwa sababu amependa nusu. Kurekebisha kilichoharibika, kama bati lililotoboka na ukuta uliobomoka, ni wajibu wake, wala hakuongezi kodi. Lakini akitia kitu kipya ambacho hakikuwapo, kama dari, sakafu ya saruji au jiko, basi sehemu ya fedha alizotumia kwa kitu hicho anaweza kuigawa katika kodi, na sehemu hiyo ni ndogo. Alituandikia hesabu, na nusu ya mwenye nyumba ikapungua sana. Mzee hakubisha. Alisema tu, "Kama ndiyo sheria, ndiyo."

"Na jambo la pili," karani akasema. "Mpangaji anayekaa ndani ana ulinzi wa sheria. Akitoka mwenyewe na kurudisha ufunguo, amekwisha acha chumba. Ulinzi umekwisha. Kwa hiyo hapa tuandike kwamba wanatoka kwa ajili ya kazi tu, kwamba funguo wanabaki nazo, na kila mmoja atarudi katika chumba chake."

Maneno hayo yalitafsiriwa kwa Bibi kwa Kishambaa. Alisikiliza akiinamisha kichwa. Kisha akauliza swali lake, na jirani akalitafsiri: kama chumba hakitiwi kitu kipya, je, kodi inapanda?

Karani akafikiri. "Kama ni kutengeneza paa na ukuta tu, haipandi."

"Basi mimi," akasema Bibi mwenyewe, kwa Kiswahili chake kifupi, "bati nataka. Ukuta nataka. Saruji sitaki. Dari sitaki. Jiko la pamoja wapike wao."

Mwenye nyumba akageuka. "Mama, nyumba nzima ina saruji, chumba kimoja udongo? Watu watanicheka."

"Vidole vya mkono haviko sawa," akasema Bibi. "Na mkono haulalamiki."

"Na moshi wako utaniharibia bati jipya."

"Bati la zamani liliharibiwa na mvua yako, si moshi wangu."

Karani alikohoa kwa muda mrefu, na mimi nikaona kwamba alikuwa anacheka. Nilielewa baadaye kwamba lile halikuwa jambo la kukaidi. Bibi hakuwa na kipato cha kuongeza hata kidogo kwenye kodi. Na chumba cha saruji, chenye dari, bila moto katikati, kingemwua kipupwe cha kwanza. Kurudi bila moto wake na bila uwezo wa kulipa kulikuwa kwake sawa na kutorudi. Mwenye nyumba alikubali. Iliandikwa, ikatiwa mihuri, na wasiojua kuandika wakatia dole gumba.

Tulihama. Ghala lilikuwa kubwa na lenye baridi, na lilinuka viazi, vitunguu na magunia. Tulitundika magunia kwa kamba tukapata vyumba sita vya kuta zinazopepea. Kinyozi alisema sasa tumekuwa wageni wa heshima, tunalala mahali pa mavuno ya wakulima wa Lushoto. Mume wangu aliweka cherehani karibu na mlango kupata mwanga, na wateja walimjia huko, wakiruka mafungu ya vitunguu na maboga. Usiku tulisikia kila mtu akigeuka, kila mtu akiomba dua yake. Nami nilizoea kusali nikijua pumzi za majirani zangu, na tangu hapo sijapenda sana kusali peke yangu.

Bibi alileta kapu, chungu, mkeka na nguo zake. Mafiga aliyaacha. Siku ya kuondoka aliingia chumbani mwake, akazima moto, akalifagia jivu pembeni, akayaacha mawe matatu mahali pake. Alifunga mlango na kutundika ufunguo shingoni kwa uzi.

Mwezi wa kwanza ulipokwisha alikwenda kwa mwenye nyumba na kodi mkononi. Nilikuwa naye, nikimsaidia maneno. Mzee akazikataa fedha zake. Alimkumbusha mapatano: wakati wa kazi hakuna kodi, kwa sababu hakuna chumba.

"Hakuna chumba?" akauliza Bibi.

"Hakuna cha kulalia. Nitapokeaje kodi ya kitu ambacho hukitumii? Hiyo ni dhuluma, Mama."

Alikuwa anasema kweli, na anamtendea wema. Lakini Bibi alirudi ghalani, na jioni akanivuta pembeni ya gunia lake. "Mtu asiyepokea kodi yangu," akasema, "mimi ni nani kwake?"

Nilimwambia iliandikwa. Akasema anajua iliandikwa. Lakini maisha yake yote alikuwa amejua kwamba shamba ni la anayelilima, na nyumba ni ya anayelipia. Karatasi alikuwa ameiona mara moja, na alichokitambua mle ni alama ya dole lake tu. Tangu siku hiyo akawa anakwenda kutazama nyumba kila akitoka sokoni, akizunguka kwa nje, akichungulia kupitia tundu la dirisha kama mafiga yapo. Kisha anarudi na kupika, amepoa.

Fundi mwashi aliyekuwa na kazi ile alikuwa mtu wa pwani pia, mwenye bidii, aliyeletwa na mwenye nyumba kutoka Tanga kwa sababu alimjua. Alijenga kwa haraka na vizuri. Mlango wa Bibi ilibidi ufunguliwe ili waguse ukuta wa mteremko, na Bibi mwenyewe alikwenda kuwafungulia asubuhi moja, akawaonyesha kidole mafiga. Alisema kwa Kishambaa yasiguswe. Fundi akaitikia kwa heshima, "Ndiyo, Bibi, ndiyo." Alidhani anaonyeshwa kitu cha kuondolewa.

Wakati huo walikuwa wanajenga nguzo za baraza, na mawe mazuri yalikuwa yamepungua. Fundi akaona mawe matatu magumu, yaliyokwisha kupikwa na moto miaka na miaka bila kupasuka, yamekaa bure ndani ya chumba kisicho na mtu. Kwake jiko lilikuwa seredani ya mkaa, au kuni uani. Aliyang'oa, akashukuru, akayaweka chini ya nguzo ya mwisho na kumwaga saruji.

Alasiri Bibi alipofika kuchungulia, mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa nimefuatana naye nikiwa na kikapu cha nyanya. Aliingia. Katikati ya sakafu palikuwa na mashimo matatu madogo na jivu lililochanganyika na udongo.

Alichuchumaa, akaingiza kidole katika shimo moja, kama mtu anayepima kina cha maji. Kisha akasimama, akavua ule uzi shingoni, na akatoka.

Nilimfuata nikimwita. Hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja mpaka dukani kwa mwenye nyumba, akamkuta anaongea na fundi, akanyoosha mkono wenye ufunguo.

"Umenitoa," akasema. "Shika."

Mimi nilikumbuka maneno ya karani, nikashikwa na hofu. Akipokea tu ufunguo ule, mbele ya fundi na mbele yangu, Bibi amekwisha acha chumba chake mwenyewe. Nikasema haraka, "Baba, usipokee." Lakini mzee alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Aliweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, ndani ya mikunjo ya kanzu, kama mtoto anayeficha kitu.

"Sipokei," akasema. "Mama, sipokei. Nimekufanya nini?"

Bibi aliendelea kunyoosha mkono. Ikabidi niseme mimi: mafiga hayapo. Nikaeleza maana yake, ya kuhama na ya kurudi, kwa maneno niliyoyapata. Mwenye nyumba alinisikiliza, kisha akamgeukia fundi.

Fundi alikuwa amefungua kinywa. "Yale mawe meusi?" akasema. "Mzee, yako chini ya nguzo. Mimi nilidhani ni taka."

"Taka iliyopangwa pembe tatu?"

"Nilidhani," akasema fundi tena.

Mzee akasema nguzo ibomolewe sasa hivi, mawe yatolewe. Fundi akachukua sururu. Nilipomtafsiria Bibi, aliushusha mkono kwa mara ya kwanza. "Asivunje," akasema. "Yamekwisha kaa na saruji. Yakitoka hapo yatakuwa vipande. Na watu watasema mwanamke wa Mgwashi alikuja akabomoa nyumba."

"Basi unataka nini, Mama?"

Bibi aliuzungusha uzi kidoleni. Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwake. "Mtu anayeanza nyumba," akasema, "anapewa mafiga na wakwe, au na mama yake. Mimi hawapo. Sijui anayepewa mafiga na mwenye nyumba."

Mzee akavua miwani yake na kuifuta. Akasema, "Twende."

Nilikwenda nao, kwa sababu ya maneno. Walipanda njia ya Irente, mzee na kanzu yake, na watu waliokutana nao waliwaamkia "shikamoo" kisha wakasimama kutazama nyuma. Kwanza alitaka mawe ya kijitoni, penye daraja, kwa sababu yalikuwa laini na mviringo, mazuri machoni. Akaokota moja, akalishikilia kwa fahari.

"Hilo litapasuka," akasema Bibi. "Limekunywa maji. Ukilitia moto, litakupiga usoni."

Akalirudisha majini taratibu, kana kwamba jiwe lingechukia.

Walipofika juu kidogo, mahali mlima ulipokuwa umekatwa kwa ajili ya njia, Bibi alianza kugonga mawe kwa jiwe jingine na kusikiliza. Aligonga mengi. Mzee naye akajaribu, akagonga, akasikiliza, akauliza, "Hili?" Bibi akatikisa kichwa. "Hili?" Hapana. "Hili?" Bibi akasikiliza mara mbili. "Hilo linafaa." Nilimwona mzee akifurahi kama mwanafunzi aliyepata jibu.

Mawe mawili tulibeba mimi na Bibi, vichwani, kwa kata za kanga. La tatu, lile aliloligundua mwenyewe, mzee alilibeba begani. Nilimwambia tumwite kijana alibebe. Akakataa. "Jiwe likibebwa na kijana likafika," akasema, "Mama atasema limeletwa na kijana." Jiwe lilimpaka udongo mwekundu kanzuni mpaka kiunoni. Tulipopita barazani kwa kinyozi, yaani kwenye kiti chake alichokiweka chini ya mti karibu na ghala, kinyozi alisimama na mkasi hewani.

"Mzee, na wewe umehamishwa?"

"Nahamia," akasema mzee, bila kusimama.

Bibi aliyapanga mwenyewe yale mawe katika mashimo yale yale, akayakandamiza na udongo mbichi. Hakuwasha moto. Alisema moto utawashwa siku ya kurudi. Kisha akafunga mlango, akautundika ufunguo tena shingoni, na akamwambia mwenye nyumba kwa lugha yake, "Onga mshi," ambayo ni salamu ya mchana, na ya kukutana, si ya kuagana. Mzee aliijua salamu hiyo, akaiitikia.

Tulirudi kipupwe kikiwa bado hakijaisha. Kila mtu aliingia katika chumba chake. Bati lilikuwa jipya, likang'aa hata ukunguni, na mvua ya kwanza ilipopiga juu tulikaa tunaisikiliza bila sufuria, kama watu wanaosikiliza mgeni. Kodi yetu ilipanda kiasi kile alichoandika karani, na ilianza kuhesabiwa siku ya kurudi, si siku moja kabla. Kodi ya Bibi haikupanda. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alipita mlango kwa mlango, na alipofika mlango wa mwisho Bibi alimkabidhi fedha zake kwa mikono miwili, na yeye akazipokea kwa mikono miwili, na wote wawili wakaonekana wamepumzika.

Miaka kadhaa baadaye mzee alifariki, Mungu amrehemu. Wanawe walikuja kutoka Tanga, wakasoma ile karatasi yenye mihuri na madole gumba, wakaiheshimu. Mmoja wao alitaka kujua kwa nini chumba kimoja hakina saruji. Mume wangu alimwambia aende akaombe kuketi mle ndani dakika chache, ataelewa.

Maana hilo ndilo lililotokea, na ndilo ninalolikumbuka nikifumba macho. Saruji yetu ilikuwa safi na ilikuwa nzuri kwa kufagia, lakini ilikuwa na baridi iliyopanda miguuni mpaka magotini. Jiko la pamoja lilikuwa uani, penye upepo. Kipupwe cha mwaka uliofuata kurudi kwetu, mzee akiwa bado hai, kila jioni baada ya magharibi, mlango wa mwisho ulianza kuwa na viatu nje. Kwanza mimi na mtoto wangu mchanga. Kisha mke wa kinyozi. Kisha kinyozi mwenyewe, aliyedai amekuja kumtafuta mkewe. Bibi alipika bada, ugali wa muhogo, na maharage, na kila mtu alileta alichokuwa nacho, kuni au chumvi au viazi.

Jioni moja mwenye nyumba alipita akiuliza hali, kama kawaida yake, akaona viatu, akavua vyake, akainama mlangoni na kuingia. Tukampisha. Aliketi karibu kabisa na moto, akakunja kanzu, akanyoosha mikono yake mirefu juu ya lile jiwe alilolibeba begani, akayafumba macho.

Bibi akamgusa bega kwa mwiko.

"Sogea kidogo, mwenye nyumba," akasema. "Unawazibia wapangaji moto."